Dereva wa Basi la Bure Ni Nani?

Nani alikufungulia akaunti yako ya Facebook?

Usikunje uso. Kama unaishi Juba, na simu yako ya kwanza ya kugusa uliinunua baada ya bendera yetu kupandishwa mwaka 2011, jibu ninalo. Ulikwenda kwenye kibanda. Mtu wa kibanda akakuuliza jina, akakuuliza namba ya simu, akabonyeza-bonyeza, akakurudishia simu, nawe ukamshukuru kama mtu aliyekutoa gerezani. Paswadi alichagua yeye. Wewe hukuuliza hata ni nini, maana ulikuwa na haraka ya kuweka picha umeegemea gari la mtu mwingine.

Kwetu mtaa wa Malakia mwenye kibanda aliitwa Matiya. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotuponza. Mwanzoni aliandika paswadi za wateja kwenye daftari la shule, kila mtu na mstari wake, ili wakizisahau warudi kumuuliza. Daftari lilipojaa akachoka. Akaamua wateja wote wapewe paswadi moja, ambayo hakuna mtu wa nchi hii angeweza kuisahau: tarehe ya uhuru, siku, mwezi na mwaka, bila nafasi katikati. Muuza samaki, mchungaji, askari wa trafiki, mke wa mkurugenzi, wote wakalindwa na tarehe tisa Julai. Nchi nzima tulikabidhi ulinzi wetu kwa siku ile moja ya furaha, kisha tukaenda kulala.

Namcheka Matiya, lakini ngoja niseme ukweli kabla hujaupata kwa mwingine. Mimi nilirudi kutoka Eldoret na digrii ya mawasiliano. Akaunti yangu nilijifungulia mwenyewe. Paswadi yangu ilikuwa hiyo hiyo. Mimi niliichagua kwa mapenzi.

Mtu ninayetaka kukusimulia habari zake ni Namukasa. Alitoka Masaka, Uganda, mwaka ule ule wa bendera, akaja na jiko la mkaa, kikaango na ndugu mmoja ambaye baada ya miezi mitatu alikimbia joto. Namukasa akabaki. Alikaanga chapati, akazikatakata juu ya maharagwe, akalisha mafundi waliokuwa wakijenga maofisi ambayo leo hayana watu wala umeme. Kisha kampuni moja ya mabasi ya kwenda Kampala ikampa meza, mwavuli na kitabu cha tiketi pale Custom, kwenye kituo cha mabasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza kama mtu aliyemeza mchanga, na kila abiria alikuwa mwanawe, hata mwenye mvi.

Vita vilipoanza Desemba 2013, watu walianza kumpigia simu usiku na mchana. Basi limepita mpaka wa Nimule? Kuna kizuizi? Leo wanasimamisha watu wa wapi? Serikali ilikuwa na msemaji, msemaji alikuwa na msemaji wake, na wote walisema hali ni shwari. Namukasa hakuwa na msemaji. Akaenda kwa Matiya, akafunguliwa akaunti, na juu yake ukurasa, ukaitwa Nimule Road Leo. Kila asubuhi aliandika mistari michache. Basi gani limetoka, saa ngapi, limefika wapi, na dereva ni nani. Jina la dereva hakuliacha hata mara moja. Aliniambia sababu siku moja nilipomtania kwamba anaandika kama karani wa mahakama.

"Professa, basi inaweza kusema uongo," alisema. "Rangi inapakwa, namba inabadilishwa. Lakini dereva iko na mama yake, iko na bibi, watu wanamjua. Mimi nikisema Mugisha ametoka, bibi ya Mugisha anajua kama ni kweli."

Mimi ndiye Professa. Ni jina la kejeli, na nililistahili. Nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha Matiya nikiwaandikia watu barua za kuomba kazi katika mashirika ya misaada ya mtaa wa Thongpiny. Barua zangu zilikuwa nzuri sana. Kazi walipata wale ambao hawakuhitaji barua.

Kufikia Septemba 2016, miezi miwili baada ya risasi za Julai, ukurasa wa Namukasa ulikuwa na wafuasi elfu kumi na nne. Waganda wa sokoni, Wakenya wa hoteli, sisi tuliorudi kutoka Kakuma na Eldoret, watu wa kambini. Gazeti gani la Juba lilisomwa na watu elfu kumi na nne? Na hata lingesomwa, nani angeliamini?

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, Namukasa aliingia kibandani akiwa amevaa kiatu kimoja cha njano na kingine cheusi.

"Matiya, simu yangu imenifukuza."

"Imekufukuza vipi, mama?"

"Facebook! Inaniambia paswadi si yangu. Mimi iko nje kama mbwa, na mtu iko ndani ya nyumba yangu anaongea."

Alikuwa anaongea kweli. Tulifungua ukurasa kwenye simu yangu. Chapisho la saa moja asubuhi lilikuwa na picha ya basi jeupe na bendera ya Uganda. Liliandikwa kwa Kiswahili safi kuliko cha Namukasa, na kwa tabasamu la mtu anayekuuzia shamba lisilo lake. Mabasi ya bure ya kurudi Uganda. Ulinzi wa jeshi njia nzima. Kesho Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, Custom. Nafasi mia tatu tu, njoo na familia yote, jiandikishe hapa. Chini yake kulikuwa na linki.

Matiya alinyoosha kidole. Nikamshika mkono.

Linki ile ilikupeleka kwenye ukurasa wa rangi ya buluu, wenye herufi zile zile unazozijua, ukikuomba namba ya simu na paswadi ili "kuthibitisha." Ukitazama juu, anwani haikuwa ya Facebook, ilikuwa msururu wa herufi kama mtu amekalia kibodi. Lakini nani hutazama juu? Ukiandika paswadi yako pale, umempa mwizi. Naye anaingia kwako, anawatumia marafiki zako linki ile ile kwa jina lako. Kufikia saa tatu ilikuwa imeshasambazwa mara mia nne. Watu waliandika "Amina" chini yake. Ukitaka kuwaibia watu wa mji huu, weka neno "bure" mbele na uwaachie nafasi ya kuandika amina.

Kisha Namukasa akasoma maoni. Kulikuwa na mtu ameandika: Asante dada Namukasa. Nitakuja na watoto. Mungu akulinde.

"Ni Nyaduoth," alisema.

Nilimfahamu Nyaduoth kwa sura. Alikuwa Mnuer aliyekulia Kenya kama mimi, na zamani aliuza chai meza ya pili kutoka kwa Namukasa. Tangu Desemba ile ya 2013, Wanuer walipowindwa nyumba kwa nyumba, aliishi na watoto wake watatu kambini, ndani ya uzio wa Umoja wa Mataifa upande wa mtaa wa Jebel. Sihitaji kueleza kwa nini hakutoka. Kutoka lango lile hadi Custom kulikuwa na vizuizi viwili vya askari wa serikali, na wanawake waliotoka kutafuta kuni tu mwezi wa Julai walikuwa wamerudi na mambo ambayo hawakuyasema. Kwa karibu miaka mitatu Nyaduoth alikuwa anangoja jambo moja, yaani basi lenye ulinzi. Na sasa mtu pekee ambaye angemwamini alikuwa amemwambia lipo.

Namukasa alimpigia. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Kambini simu huchajiwa kwa mtu mwenye jenereta, nawe unaiacha huko siku nzima na kuchukua jioni.

"Huyo anakufa," Namukasa alisema. "Anakufa na jina yangu mdomoni."

Tukaanza kazi. Kwanza tulitaka kujua mwizi aliingiaje. Hilo lilichukua dakika mbili, na aibu yake inatosha miaka ishirini. Akaunti ya Facebook hufunguliwa kwa namba ya simu au barua pepe. Namba ya Namukasa ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wake, kwa ajili ya watu wa tiketi. Kilichobaki ni paswadi, na paswadi ilikuwa ya taifa. Mwizi hakuhitaji akili. Alihitaji kuwa mteja wa Matiya, na wateja wa Matiya ni sisi sote. Mpaka leo sijui ni nani. Kila nikisalimiana na mtu Malakia najiuliza.

Matiya alikaa juu ya kreti ya soda, mikono kichwani. "Malesh," alikuwa anasema, akiomba radhi kwa Kiarabu cha Juba. "Malesh, mama, malesh." Lakini alitusaidia. Alikumbuka kwamba mwaka ule alimfungulia Namukasa na barua pepe pia, ambayo Namukasa hakujua kama anayo. Akatafuta kwenye jalada la daftari la zamani lililojaa, akaipata anwani imebanwa hapo; paswadi yake ilikuwa ile ile ya taifa. Mwizi hakudhani kuna mtu angeifungua. Tulipoifungua, tukakuta ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri: anwani na namba ya akaunti yako zimebadilishwa, kama si wewe, bonyeza hapa kulinda akaunti yako. Tuliangalia anwani iliyoutuma mara tatu, kama watu wanaokagua noti. Ulikuwa wa kweli. Tukabonyeza, Namukasa akaweka paswadi mpya, akituamuru tugeuke mpaka amalize kuiandika, tukafukuza simu zote nyingine zilizokuwa zimeingia. Akaunti ikarudi.

Ukurasa haukurudi. Mwizi alikuwa amejiongeza kuwa msimamizi kwa akaunti nyingine, kisha akamtoa Namukasa. Sheria ni hiyo: msimamizi humwondoa msimamizi, anayewahi kumfukuza mwenzake ndiye mwenye nyumba. Nikafikiri nimewahi kuona nchi yenye sheria kama hiyo. Tukatuma malalamiko kwa kampuni, lakini malalamiko ya aina hiyo ni ya kungojea, nasi tulikuwa na mpaka kesho saa kumi na mbili.

Basi Namukasa alikuwa na akaunti yake yenye marafiki mia sita, na mwizi alikuwa na wafuasi elfu kumi na nne. Ilibidi kuandika tangazo.

Niliomba kuandika mimi. Niliandika vizuri. Nilisema wadukuzi wameingilia jukwaa letu, nikasema uhuru wa habari ni nguzo ya taifa changa, nikamaliza kwa kuwaomba wafuasi wapuuze ujumbe wowote wenye kutia shaka. Namukasa alisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Hii ni ya yule mkubwa," alisema.

Alikuwa sahihi, na ilinichoma. Miezi mitatu kabla, wakati walimu na wauguzi hawajalipwa tangu Krismasi, mkubwa mmoja wa wizara fulani aliweka Facebook picha za sebule yake ya Nairobi: makochi ya rangi ya dhahabu, televisheni kubwa kama mlango wa godauni, na yeye mwenyewe katikati akiwa na soksi nyeupe. Watu wakamtukana mpaka intaneti ikapungua. Asubuhi yake akatoa tangazo: akaunti yangu imedukuliwa, naomba wananchi wapuuze ujumbe na picha zote. Mdukuzi hodari sana, aliyeingia ndani ya simu, akapanda ndege, akamvalisha mheshimiwa soksi na kumpiga picha akitabasamu. Tangu siku hiyo neno hilo likawa mzaha wa mji. Mtu akichelewa kazini alisema amedukuliwa. Mlevi akianguka mtaroni, amedukuliwa. Wakubwa walikuwa wameshaila petroli, wameila dola, na sasa walikuwa wameila hata sentensi ambayo mwanamke mwaminifu aliihitaji siku moja tu maishani.

Hata hivyo tuliweka tangazo, maana hatukuwa na jingine. Nilifupisha: Akaunti yangu na ukurasa vimeibiwa. Hakuna mabasi ya bure. Usibonyeze linki, na kama umebonyeza badilisha paswadi sasa hivi. Usijibu ujumbe unaokuomba namba au pesa kwa jina langu.

Dakika kumi baadaye maoni yakaja. Wa kwanza alikuwa Edrine, muuza vifuniko vya simu jirani yetu, kijana wa Mbale mwenye kunyoa kiduku na kujua kila kitu. Hehehe na wewe mama umedukuliwa? Tuonyeshe makochi. Wakafuata wengine. Anataka kutuuzia tiketi zake, ndiyo maana anakataa basi la bure. Mwingine: Akaunti feki hii, Namukasa wa kweli ameshasema.

Maana mwizi naye hakulala. Kwenye ukurasa wa wafuasi elfu kumi na nne aliandika: Tahadhari. Kuna mtu anatumia jina langu na picha yangu kusema mabasi hayapo. Mpuuzeni. Msibonyeze ujumbe wake.

Ulishawahi kuona mwizi amekalia kiti chako anapiga kelele "mwizi"? Hapana, usijibu. Unaishi hapa, unaona kila siku.

Namukasa aliweka simu chini. Akavua kile kiatu cha njano akakitazama, nadhani ndipo alipogundua. Kisha akaniambia, "Andika. Kama naongea, usitengeneze."

Nikaandika kama alivyosema: Mimi ni Namukasa wa tiketi. Tangu 2013 nimewahi kuwaambia basi bila jina la dereva? Hata siku moja? Basi, muulizeni huyo. Dereva ya basi ya bure ni nani?

Aliweka maneno yale. Kisha akashika kitufe cha WhatsApp akayasema kwa sauti yake, ile ya mchanga, akaipeleka kwa makondakta, kwa waendesha boda wa Custom, kwa akina mama wa kanisa lake. "Nyinyi watoto yangu," sauti ilisema, "nyinyi wenye kuficha kuku ndani ya begi, mimi nawajua wote. Muulize jina ya dereva."

Saa sita hakukuwa na kitu. Saa saba mtu mmoja akauliza kwenye ukurasa wa mwizi: Dereva nani? Mwizi akafuta. Wakauliza wawili. Akafuta. Saa nane walikuwa wanauliza watu themanini, na ukifuta maoni ya watu themanini wao huwa mia. Hata wale walioandika amina asubuhi waliuliza. Nilikuwa nacheka peke yangu kama kichaa. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii niliona umati unamuuliza mwenye mamlaka swali moja, bila kuchoka, na swali lenyewe lina jibu.

Saa tisa akajibu. Dereva ni Mugisha, mnamjua.

 Matiya alizima feni.

Mwizi alikuwa amerudi nyuma kwenye machapisho ya zamani, akatafuta jina lililotajwa mara nyingi, akaliazima. Ukurasa haukumwambia lolote zaidi. Basi la Mugisha lilichomwa moto barabarani mwezi wa Agosti, na yeye alipelekwa moja kwa moja kwao Mbarara kuzikwa. Namukasa hakuuona mwili, na kitu ambacho hakukiona hakukiandika. Aliacha tu kulitaja jina. Lakini Custom nzima ilijua. Waliompa pole walikuwa wamekaa pale penye mwavuli wake siku tatu.

Alisoma jibu lile mara moja. Akasema, "Eh." Akatoka nje, akasimama kwenye jua akiwa ametugeuzia mgongo, na hakuna aliyemfuata.

Baada ya hapo mwizi hakuwa na la kufanya. Waendesha boda waliandika maneno ambayo siwezi kuyarudia. Kufikia jioni hata Edrine aliandika kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Lakini Nyaduoth simu yake ilikuwa bado imezimwa. Saa kumi Namukasa alipanda boda akaenda mpaka kwenye soko dogo lililo nje ya lango la kambi. Hawakumruhusu kuingia, muda wa wageni ulikuwa umekwisha. Akaacha ujumbe kwa mtu wa jenereta, ambaye aliahidi kwa moyo wote, kama tunavyoahidi sisi.

Asubuhi yake, saa kumi na moja na nusu, nilimkuta Namukasa Custom kwenye meza yake. Alikuwa amekuja kuwarudisha watakaokuja. Walikuja thelathini na mmoja, watu ambao hawakuwa na bando la kusoma tangazo, waliosimuliwa na waliosimuliwa. Aliwaambia mmoja mmoja. Wengine walimtukana yeye, maana mwizi hakuwapo wa kutukanwa. Nyuma ya kontena nilimwona Edrine na sanduku kubwa la magurudumu.

"Unasafiri, Edrine?" nikamuuliza.

"Nimekuja kuona wajinga," alisema.

"Na sanduku?"

"Ni la kukalia."

Saa moja kasoro, Nyaduoth akatokea upande wa Jebel kwa miguu. Mtoto mdogo mgongoni, wawili mkononi, godoro limekunjwa kichwani. Alikuwa amepita vizuizi vyote viwili gizani, walinzi wakiwa wamelala. Hakulia wala hakulalamika. Alimtazama Namukasa usoni kwa muda mrefu.

"Mtu wa jenereta aliniambia, dada," alisema. "Na sauti yako niliisikia. Lakini ule ukurasa ulisema kutakuwa na Namukasa wa uongo. Nikakaa usiku mzima nikijiuliza ni yupi. Nikaona nije nikuone."

"Na watoto?"

"Ningewaacha na nani?"

Namukasa alimtua godoro. Kisha akaita boda mbili. Jua lilikuwa limeshatoka, walinzi wameshaamka, na nje ya uzio ule hakukuwa na mahali pa kumweka; ilibidi kumrudisha kambini. Namukasa alikaa kwenye boda ya kwanza na watoto wawili. Mimi nilikaa kwenye ya pili, Nyaduoth na mdogo wakiwa kati yangu na dereva, kitenge kimefunika kichwa chake mpaka kwenye macho, na godoro kwapani mwangu.

Kizuizi cha kwanza walitupungia mkono. Cha pili kilikuwa kamba iliyovutwa kati ya pipa na mti, na askari mmoja kijana ameketi kwenye kiti cha plastiki. Aliinuka. Akawatazama watoto, akatutazama sisi.

"Hawa wa nani?" aliuliza, kwa Kiswahili cha Koboko, upande wa Uganda.

"Yangu," Namukasa alisema.

"Wote?"

"Wote. Na huyo nyuma ni dada yangu, iko na malaria, hawezi kuongea."

Mimi, mwenye digrii ya mawasiliano, nilikuwa nimelikumbatia godoro. Mgongo wa Nyaduoth ulikuwa mgumu kama ubao kifuani mwangu. Askari alipiga hatua mbili kuelekea kwetu, kisha akasimama, akageuka.

"Sauti hii naijua," alimwambia Namukasa. "Wewe ni yule mama wa Facebook. Wa dereva."

"Ndiyo mimi."

"Mimi nilibonyeza." Alisema polepole, kama mtu anayeungama. "Jana asubuhi, nikajiandikisha. Mke wangu iko Koboko, nilitaka kwenda kumwona. Sasa simu inatumia watu ujumbe usiku kucha. Hata kamanda wangu nimemtumia basi ya bure."

"Uliandika paswadi?"

"Niliandika."

"Kuja hapa," Namukasa alisema. "Toa simu."

Askari akaja, bunduki begani, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Namukasa, mtoto wa Nyaduoth akiwa amemlalia begani, akamwonyesha kwa kidole: hapa mipangilio, hapa usalama, hapa simu zote zilizoingia, zifukuze. Sasa andika paswadi mpya. Usiniambie. Usimwambie mtu. Askari aliinamisha kichwa, akaandika kwa kidole gumba kimoja, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo. Alikosea akaanza upya. Alikosea tena. Mtoto akakohoa.

"Imekubali," alisema mwishowe.

"Sasa andikia kamanda yako," alisema Namukasa. "Mwambie si wewe uliyetuma, asibonyeze."

Aliandika hilo pia, amesimama katikati ya barabara, gari la maji likipiga honi nyuma yetu. Kisha akaweka simu mfukoni, akaenda kwenye pipa, akafungua fundo, na kamba ikaanguka chini.